Barua ya Fundi wa Keko

Mama alisafiri Jumatatu ya tarehe 18 Machi 2013, kumpeleka mumewe India kwa matibabu. Tulimwita Mama ofisi nzima, ingawa kwenye barua alikuwa Mkurugenzi Mtendaji. Mimi nilikuwa katibu muhtasi wake, mwaka wa tatu. Asubuhi ile alinikabidhi funguo za kabati la majalada, akaniambia nijibu barua za kawaida na nimpigie kwa jambo zito. Hakuniambia lipi ni la kawaida na lipi ni zito, nami sikuuliza, kwa sababu niliona kuuliza kungemfanya ahisi anamwachia ofisi mtu asiyeiweza.

Kuandika kwa sauti yake nilikuwa nimejifunza kwa bidii. Chuoni Tabora tulifundishwa hatimkato, kupanga barua na kutunza jalada. Sauti ya bosi haifundishwi darasani. Nilichukua barua zake za miaka miwili nikazisoma kama mtu anayekariri mashairi. Nikaona hafungui na "napenda kukujulisha". Anaingia moja kwa moja kwenye jambo. Sentensi zake ni fupi. Neno "tafadhali" anaandika mara moja tu katika barua, na akilirudia ujue amekasirika. Anamalizia "Nakutakia kazi njema" kwa kila mtu, isipokuwa waliofiwa, ambao aliwaandikia kwa mkono, mistari mitatu, bila kichwa cha barua cha kampuni. Kufikia mwaka wa pili ningeweza kuandika barua ambayo hata mhasibu wetu, aliyemjua kwa miaka kumi, asingeweza kusema si yake. Nilijivunia jambo hilo.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya fundi seremala mmoja wa Keko. Alitutengenezea meza 12 na makabati 6 kwa shilingi 9,600,000. Tulimlipa nusu mwanzo, na nusu iliyobaki ilipaswa kutoka baada ya kupokea mzigo. Mzigo tulipokea Januari. Barua yake ilikuwa ya heshima sana, imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, ikiuliza tu salio lake limefikia wapi. Nikamtumia Mama ujumbe wa simu kumweleza. Jibu lilirudi usiku, maneno matatu: "Mjibu fundi. Mtulize."

Nilikaa na ujumbe ule asubuhi nikaandika barua nzuri. Naikumbuka sehemu yake yote muhimu:

"Ndugu, nimesoma barua yako ya tarehe 19 Machi. Kazi uliyotufanyia ni nzuri na tunaitumia kila siku. Ninakuhakikishia kuwa utalipwa salio lako lote kabla ya tarehe 30 Machi. Nakutakia kazi njema."

Chini yake nikaweka sahihi ya Mama. Ilikuwa kwenye kompyuta yangu, imepigwa skani, faili linaitwa `sahihi.jpg`, kwa ajili ya vyeti vya mafunzo na kadi za mwaliko. Sikuandika "Kny", yaani kwa niaba ya, wala jina langu. Niliona "Kny" ingemfanya mzee yule ahisi amejibiwa na karani. Nikagonga mhuri, nikampa dereva aipeleke.

Tarehe ile niliitoa wapi? Niliitoa kichwani. Mwisho wa mwezi ulionekana mbali vya kutosha kwa mhasibu na karibu vya kutosha kwa fundi. Mhasibu sikumuuliza. Laiti ningemuuliza, angeniambia kuwa hundi zetu zilihitaji sahihi mbili, ya Mama na ya mwenyekiti wa bodi, na kwamba Mama hakuacha hundi yoyote ya fundi iliyosainiwa. Hata kalenda sikuiangalia. Mwaka ule Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 29 Machi na Pasaka tarehe 31, kwa hiyo siku ya mwisho niliyoahidi ilikuwa Jumamosi katikati ya sikukuu.

Jumanne tarehe 2 Aprili alikuja mwenyewe. Barua yangu ilikuwa mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne, na pembeni ina alama ya dole gumba la vanishi. Aliifungua juu ya meza yangu akainyoosha kwa viganja vyote viwili.

"Mwanangu, sijaja kugombana. Nimekuja na maneno ya Mama."

Nikamwambia Mama bado yuko safarini. Akasema anajua, ila maneno yake yapo. Kisha akanieleza lililotokea. Barua ilipomfikia, aliipeleka kwa mfanyabiashara wa mbao. Alikuwa na kazi nyingine ya vitanda na hana mtaji, kwa sababu mtaji wake ulikuwa kwetu. Mfanyabiashara akaona kichwa cha barua, mhuri na sahihi ya mkurugenzi, akatoa kopi, akamkopesha mbao za mninga hadi tarehe 30. Sasa mwenye mbao alikuwa anamtuma kijana wake kila asubuhi karakana.

Nilimpa chai. Sikuwa na kingine cha kumpa. Nilimwambia Mama anarudi wikiendi ile na nitamweleza yote. Hapo nilijizuia kusema "utalipwa Jumatatu", na nakumbuka jinsi ulimi ulivyotaka kulisema, maana mtu akikutazama vile unataka kumpa chochote.

Jumatatu tarehe 8 Mama alirudi kazini. Nilikuwa nimeweka jalada mezani kwake tangu saa moja, barua ya fundi juu na kopi ya jibu langu chini yake. Alisoma jibu mara mbili, hakusema kitu, akaniambia nimwite fundi. Alipofika, Mama alimkaribisha kiti akamwambia, "Mzee wangu, barua hii ni yangu na sahihi ni yangu. Nimechelewa. Naomba radhi." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakunitaja, wala hakunitazama.

Mzee alipotoka ndipo akanigeukia.

"Nilikwambia umtulize. Nani alikwambia umlipe?"

Sikuwa na jibu. Akanionyesha kidole kwenye barua, pale penye neno "utalipwa", akaniuliza ningefanya nini kama fundi angekwenda mahakamani. Wakili wa kampuni alinifafanulia baadaye siku hiyo: kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, anayemwacha mtu mwingine aonekane mbele ya watu kuwa ana mamlaka ya kumsemea anaweza kubanwa na maneno ya huyo mtu. Mama angeweza kukana, lakini mimi ndiye niliyekuwa na mhuri, karatasi za kampuni na sahihi yake, vyote kwa ruhusa yake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sauti niliyoiiga kwa miaka miwili ndiyo iliyofanya madhara. Kama ningeandika kwa jina langu, "Mkurugenzi amepokea barua yako, yuko safarini, ankara yako ipo kwa mhasibu", mwenye mbao asingetoa hata ubao mmoja. Fundi angebaki na shida yake, ila asingeongezewa deni. Barua ilivyofanana na za Mama ndivyo ilivyoaminiwa, na ndani yake mlikuwa na ahadi ambayo Mama hakuitoa.

Jioni ile tulikaa naye tukapitia jalada la barua zinazotoka. Hakuniandikia kanuni. Alichukua kalamu nyekundu akawa anapigia mstari kila "-ta-" niliyoandika kwa jina lake: tutatuma, tutakupigia, nitahudhuria, utapata. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Kwa kila moja aliniuliza, "Hii nilikwambia?" Zile ambazo alikuwa ameniambia aliziacha. Zingine tuliziandika upya kwa kilichokwisha kufanyika: barua yako imepokelewa, imepelekwa kwa fulani, kikao chake ni siku fulani. "Tutajitahidi" aliikata kila mahali. Alisema anayedai pesa akisoma "tutajitahidi" anasikia "ndiyo", na wewe uliyeandika unajua ulimaanisha "labda".

Sahihi ya skani ilifutwa kwenye kompyuta yangu siku hiyo. Barua za kupokea, za kupanga miadi na za kuomba nyaraka nikawa naziandika kwa jina langu, chini nikiandika Kny: MKURUGENZI MTENDAJI, na sahihi yangu mwenyewe juu. Zenye fedha, ajira, punguzo la bei au tarehe ya kazi kukamilika niliandika rasimu tu, kwa sauti yake, zikamsubiri yeye. Akiwa safarini nilimsomea kwa simu neno kwa neno, na kwenye kopi ya jalada nikaandika saa aliyokubali. Hilo la kuandika saa nililianzisha mwenyewe.

Kuhusu fundi, Mama alizungumza na mwenyekiti wakakubaliana alipwe kwa hundi mbili, 2,400,000 wiki ile na 2,400,000 mwisho wa mwezi. Akaniambia nimwandikie, hundi ya pili tarehe 26 Aprili.

"Mama, tarehe 26 ni Muungano. Benki zimefungwa."

Akanitazama, akasema basi iwe Alhamisi, tarehe 25. "Na uiandike wewe, kwa jina lako."

Nilisubiri hadi hundi zote mbili zikasainiwa na watu wote wawili, ya pili ikiwa na tarehe ya mbele, ndipo nikaandika: "Mkurugenzi Mtendaji ameniagiza nikujulishe kuwa hundi ya pili imesainiwa, ina tarehe 25 Aprili, na ipo kwa mhasibu. Unaweza kuichukua siku hiyo kuanzia saa nne asubuhi." Jina langu, sahihi yangu, Kny. Mzee alikuja kuichukua barua mwenyewe pamoja na hundi ya kwanza. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne kama ile ya mwanzo.

Kesho yake simu ya ofisi ililia. Ilikuwa namba ya fundi, ila aliyezungumza alikuwa mwenye mbao, na nyuma yake nilisikia randa. Akaniuliza bila salamu, "Hii barua ya sasa ni ya bosi au ya karani?"

"Ni yangu," nikamwambia. "Ninachokisema humo nimekiona kwa macho yangu."

Akauliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia hilo amuulize mzee aliyesimama hapo karibu naye, maana pesa ni zake. Palipita kimya, kisha nikasikia akimrudishia simu, na randa ikaendelea.