Shilingi 280,000 Zilizotafutwa Kihonda

Mnamo Desemba 2021 nilikuwa nimekwisha kuhitimu shahada ya uhasibu na nikiishi kwa shangazi yangu Kihonda, Morogoro, huku maombi yangu ya nafasi ya Afisa Hesabu Daraja la II yakiwa katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Nafasi za Mhasibu sikuziomba, kwa kuwa humtaka mwombaji awe na CPA, cheti cha taaluma kinachotolewa na bodi ya wahasibu, nami ada ya mitihani ya bodi hiyo sikuwa nayo. Kila tangazo lilipotoka niliandika barua kwa Katibu, nikapakia vyeti vilivyothibitishwa na wakili, kisha nikawa napekua orodha za walioitwa kwenye usaili. Kazi niliyoipata wakati huo haikutangazwa popote. Ililetwa nyumbani na ugomvi.

Shangazi alikuwa mweka hazina wa kikundi cha VICOBA cha akina mama 25. Kila wiki mwanachama alinunua hisa, moja kwa shilingi 5,000, akachangia shilingi 500 za mfuko wa jamii, yaani fedha za kufariji wagonjwa na wafiwa, na aliyehitaji mkopo alikopa hadi mara tatu ya hisa zake, akidhaminiwa na wenzake wanne wa kundi lake la watu watano. Mwisho wa mwaka kikundi huvunjwa: fedha za hisa, riba na faini hugawanywa kwa kufuata hisa, na mzunguko mpya huanza. Siku tatu kabla ya kuvunja, katibu alijumlisha vitabu akakuta vinasema jambo moja na fedha zinasema jingine. Hisa zilikuwa 2,400, sawa na shilingi 12,000,000. Riba ya mwaka ilikuwa 2,640,000. Faini, baada ya kutoa gharama za madaftari, 120,000. Jumla ilipaswa kuwa 14,760,000. Sandukuni na katika akaunti ya simu ya kikundi zilikuwamo 14,480,000. Pengo lilikuwa shilingi 280,000, na macho yote yakamgeukia shangazi.

Sanduku lile lilikuwa na kufuli tatu na funguo zake zilishikwa na wanawake watatu tofauti, kwa hiyo wizi usingekuwa rahisi. Lakini mtu akishatuhumiwa, habari za kufuli hazimsaidii sana. Jioni hiyo mama mwenyekiti alikuja nyumbani, nikamwamkia, naye hakuzunguka.

"Mwanangu, wewe umesomea mahesabu. Njoo utusomee haya. Ila wewe ni mtoto wa mweka hazina, kwa hiyo utayasoma mbele yetu wote."

Nilikubali, nami nikaweka sharti langu: nilipwe kwa kazi, chanzo cha pengo kipatikane au kisipatikane. Tukaafikiana shilingi 3,000 kwa kila mwanachama. Bado naamini kuwa sharti hilo lilinisaidia kuliko cheti changu, kwa sababu mpwa anayesaidia bure angeonekana anamtetea shangazi yake, ilhali mtu aliyelipwa na wote aliwiwa jibu na wote.

Kesho yake tulikaa uani kwa mwenyekiti. Sikuanza na kitabu cha fedha, bali na vitabu vidogo vya wanachama. Kila mmoja alinisomea hisa zake kwa sauti, mimi nikaziandika katika kaunta buku, na katibu akalinganisha na leja yake. Hisa zikatimia 2,400 bila kupungua hata moja. Hatua hiyo ilikula asubuhi nzima, lakini bila hiyo hakuna aliyeweza kujua kama kosa liko kwenye hisa au kwingineko.

Ndipo nikauliza maswali mawili. La kwanza: fedha za mfuko wa jamii ziko wapi? Ziko humo humo sandukuni, wakasema. Michango ya wiki 48 ilikuwa shilingi 600,000, misaada iliyotolewa ni 230,000, kwa hiyo zilibaki 370,000 ambazo hazikuwa za hisa. Kundi likapiga kelele, kwa kuwa fedha halisi za hisa sasa zilikuwa 14,110,000 na pengo lilikuwa limekua badala ya kupungua, limefika 650,000. Shangazi aliniangalia kama mtu aliyemlea nyoka.

Swali la pili: nani hajamaliza mkopo? Wawili walinyoosha mikono. Mmoja alidaiwa 220,000 na mwingine 430,000, pamoja na riba ambayo katibu alikuwa ameshaihesabu katika mapato ya mwaka. Jumla ya madeni hayo ni 650,000. Hapakuwa na fedha iliyopotea. Mambo mawili yalikuwa yamevutana, madeni yakipunguza fedha na mfuko wa jamii ukiziongeza, na tofauti yao ndiyo ile 280,000.

Sehemu ngumu ilikuwa mgao wenyewe. Katibu alikuwa amegawanya 14,480,000 kwa hisa 2,400, akapata takriban shilingi 6,033 kwa hisa. Kwa hesabu hiyo mfuko wa jamii ungeliwa, na wadaiwa wangepokea mgao kamili huku madeni yakibaki mitaani. Njia sahihi ni kulihesabu deni kuwa ni mali ya kikundi, kisha kulikata katika mgao wa mdaiwa mwenyewe: 14,760,000 kwa hisa 2,400 ni shilingi 6,150 kwa hisa. Mdaiwa wa kwanza alikuwa na hisa 70, sawa na 430,500. Ukikata 220,000 anabaki na 210,500. Wa pili alikuwa na hisa 50 tu, sawa na 307,500, nazo hazikutosha deni lake. Zilipungua shilingi 122,500.

Mkopo wake ulikuwa halali, kwa kuwa hisa zake za 250,000 zilimruhusu kukopa hadi 750,000. Ila kanuni ya mara tatu ina hatari yake mwishoni mwa mzunguko, kwani mkopo huzidi hisa na muda wa kurejesha umekwisha. Baada ya mabishano marefu wadhamini wake wanne walikubali kukatwa shilingi 30,625 kila mmoja, naye akawaandikia hati ya kuwarudishia. Kikundi kiliandika katika katiba yake kwamba mikopo yote iwe imerejeshwa mwezi mmoja kabla ya kuvunja, na mfuko wa jamii uwekwe katika mfuko wake wa kitambaa ndani ya sanduku.

Nililipwa shilingi 75,000. Desemba ndiyo msimu wa vikundi vingi kuvunja, na kabla ya mwaka mpya vingine viwili vilikuwa vimeniita. Nikaanza kudai nusu ya malipo kabla ya kufungua kitabu, nikakataa kushika funguo au fedha yoyote, na kwa waliotaka nikapanga ukaguzi wa kila mwezi, ambao huchukua saa chache tu pale leja inapoandikwa wiki kwa wiki.

Mama mwenyekiti nilimwomba barua. Kikundi kilikuwa kimesajiliwa kupitia halmashauri kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kwa hiyo barua ilikuwa na namba ya usajili na muhuri, ikieleza nilichofanya: kulinganisha leja, kuandaa hesabu za mwisho wa mwaka, kukokotoa mgao. Niliiambatisha kwenye wasifu wangu katika mfumo wa ajira. Jina langu lilipotokea katika usaili wa mchujo Dodoma, nauli niliitoa katika malipo ya kikundi cha tatu. Sikuvuka mchujo. Nilirudi Morogoro siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho yake kulikuwa na ukaguzi wa mwezi.