Jioni tatu za kuitia feruzi bahari ya Jambiani

Dada yangu aliolewa Aprili, katikati ya masika, na picha aliyoipenda kuliko zote alipigwa ufukweni Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, mchana wa mawingu mazito. Gauni jeupe, mtandio unapepea, na nyuma yake bahari ya kijivu kama maji ya kuoshea masufuria. Akaniambia, "Kaka, huku bara nani ataamini kwamba hii ni Zanzibar? Nitilie rangi." Nikamjibu ni kazi ya dakika kumi. Ilinila jioni tatu.

Natumia GIMP, ambayo ni ya bure. Jioni ya kwanza nilikimbilia Colors > Hue-Saturation, nikaisukuma Saturation hadi mwisho. Maji yakatoa mabaka ya zambarau na chengachenga. Kumbe kijivu ni pale nyekundu, kijani na buluu zinapokaribia kulingana, kwa hiyo hakuna rangi ya kukoleza. Kilichobaki kukoleza ni uchafu mdogo ulioachwa na kamera na kubanwa kwa JPEG. Rangi ilibidi niilete mwenyewe.

Nikafungua leya mpya, nikaijaza feruzi, nikaweka mode ya HSL Color, ambayo hubadili rangi na kuacha mwanga na giza la picha ya chini kama vilivyo. Kisha nikaweka Layer Mask na kupaka nyeusi juu ya dada, mchanga na mbingu, ili rangi ibaki majini tu. Matokeo: ukuta wa bafu.

Jioni ya pili nikachukua picha yangu ya zamani ya ufukwe uleule, ya siku ya jua, nikaikodolea macho. Feruzi ilikuwa ukanda mmoja tu. Miguuni maji yanakaribia kukosa rangi, mchanga unaonekana. Mbele kidogo, kwenye maji ya kina kifupi juu ya mchanga mweupe, ndipo feruzi inapowaka, kwa sababu maji hunyonya wekundu wa mwanga kwanza na mchanga hurudisha kilichobaki. Hapa na pale kuna madoa meusi ya majani ya baharini, na ng'ambo ya mwamba bahari ni buluu nzito. Rangi ilikuwa inafuata kina.

Basi nikaifuta ile feruzi, nikavuta Gradient kutoka upeo wa macho kushuka: `#1D6A8A` juu, `#3CC4BE` katikati, `#BFE3D2` karibu na mchanga, halafu nikaifanya maski ififie taratibu kwenye maji ya miguuni. Kwa kuwa HSL Color haiongezi mwanga, feruzi ilikuwa bado imefubaa. Nikafungua Curves kwenye picha ya chini, kwa eneo la maji tu, nikainua katikati ya mstari kidogo. Hapo bahari ikafunguka. Povu halikuharibika, maana nyeupe kabisa haishiki rangi kwenye mode hiyo.

Kilichonichosha ni mtandio. Kitambaa chepesi kinaonyesha maji kwa nyuma, na ukikata ukingo mkali unapata uzi wa kijivu kukizunguka. Nilipaka maski kwa brashi laini ya kijivu cha kati, nikiwa nimeikuza picha hadi 200%, kidogo kidogo.

Mawimbi niliyaachia jioni ya tatu. Kwenye leya mpya nilitumia Filters > Render > Noise > Solid Noise, X size 3 na Y size 16, ikatoka michirizi mirefu ya kulala. Nikaiweka Soft light, Opacity 25. Bahari ikasimama wima kama pazia! Michirizi ya mbali ilikuwa minene sawa na ya karibu. Nikarudi kwenye leya hiyo na Perspective, nikavuta pembe mbili za chini nje kabisa ya picha, ili michirizi ya chini itanuke na ile ya juu ibanane kuelekea upeo. Maji yakalala, ndipo nikainakilia leya hiyo ile maski. Yalikuwa mawimbi madogo ya upepo, ndivyo bahari ya ndani ya mwamba inavyokuwa. Mawimbi makubwa pale yangekuwa uongo wa wazi.

Mchanga uliolowa niliugusa kwa feruzi hafifu sana, kwani ulikuwa bado unaakisi mbingu ya kijivu, na mbingu yenyewe nikaitia buluu kidogo.

Dada alifurahi. Mama akaisogeza simu karibu na miwani. "Jua lote hili, mbona huyu hana kivuli?"

Kweli, siku ya mawingu haitupi kivuli, na mimi sikutaka kumchorea. Nikaishusha leya ya rangi hadi Opacity 65, feruzi ikawa ya siku yenye wingu jepesi, nikamrudishia simu. Safari hii akauliza tu kwa nini shemeji hayumo pichani.