Barua ya ankara niliyompa shemeji aisome mara moja tu

Naandikia makampuni ya utalii hapa Arusha maelezo ya tovuti zao: ratiba za safari, kurasa za Tarangire na Ngorongoro, zile sehemu za "maswali yanayoulizwa sana". Kuandika hakunisumbui. Kilichokuwa kinanitoa jasho ni ile barua fupi inayokwenda pamoja na ankara, na nilichoka zaidi kwa sababu kila mtu alikuwa na ushauri wake, tena kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kudai hata elfu kumi.

Wa kwanza ni rafiki yangu wa Sakina, anayejiita mwanasheria kwa kuwa aliwahi kukaa na wanasheria. Yeye alisema wateja wanachelewa kwa sababu siwatishi. Akanitungia aya moja ya herufi kubwa, nyekundu, ikianza "MALIPO YASIPOFANYIKA KWA WAKATI HATUA KALI ZITACHUKULIWA". Nikaituma kwa kampuni moja ya Njiro. Mwenye kampuni, mzee wa makamo anayeniita kijana wangu, akapiga simu jioni ileile. Hakugusia hela hata kidogo. Aliuliza, "Kijana wangu, kumbe tumeshafika huko?" Nikatumia dakika nzima kumtuliza, na ankara ikalala mpaka masika yakaisha. Ukiangalia vizuri, aya ile yote haikuwa na tarehe wala kiasi. Mhasibu angeisoma mara kumi asipate cha kuingiza kwenye orodha ya malipo ya wiki.

Wa pili ni shangazi. Yeye akanirudisha upande wa pili: salamu ndefu, "kwa unyenyekevu mkubwa", kisha "naomba malipo pale mtakapopata nafasi". Jamani, kampuni ya safari ina nafasi lini? Aprili na Mei hakuna wageni, kwa hiyo hakuna hela. Juni mpaka Oktoba wageni wamejaa, kwa hiyo hakuna muda. Barua ile niliisubiri kama mvua ya Dodoma.

Nilichokuja kugundua ni kwamba yule ninayemwandikia siye anayelipa. Meneja tunajuana, tumekunywa chai pamoja, anajua kazi yote. Akipokea barua anabofya tu kuipeleka kwa mhasibu, na mhasibu hanijui, hajui ukurasa upi uliongezwa baadaye, na ana ankara za mafuta, matairi na ada za hifadhi mbele yake. Akikosa jambo moja anaiweka pembeni aje kuuliza, na kuuliza kwenyewe anasahau. Basi barua nikaanza kumwandikia yeye.

Nichukue kazi ya Juni 2025. Tulikubaliana kurasa 7 kwa Sh 1,100,000. Kabla hatujasaini mkataba, meneja akaomba kwa WhatsApp niongeze ukurasa wa Ziwa Natron, tukapatana laki moja. Jumla milioni moja na laki mbili. VAT sitozi kwa sababu sijasajiliwa, ila kampuni inakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, yaani Sh 60,000, kwa hiyo benki inaingia Sh 1,140,000. Kwenye rasimu ya mkataba, kipengele cha 5, kulikuwa na nyongeza ya kuchelewa. Nikaandika barua niliyoiona tamu sana. Mambo yote yamo, sentensi zinateleza.

Kabla ya kutuma nikampa shemeji. Ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kilombero, na siku nzima anasoma karatasi za watu huku watu wanampigia kelele, kwa hiyo kwa mtihani huu hana mpinzani. Nikampa simu nikamwambia soma mara moja tu, kisha nikamnyang'anya. Nikamuuliza: wanadaiwa shilingi ngapi? Akajibu bila kusita, "Milioni moja, laki moja na arobaini." Kwa kazi gani? "Kurasa saba." Mwisho lini? "Umesema siku kumi na nne, sijui tangu lini." Wakichelewa? "Asilimia mbili. Ya nini, shemeji? Kwa siku?" Akacheka mpaka mteja wake akageuka.

Majibu manne, hakuna hata moja lililokuwa sawa, na kila jibu lilikuwa na sababu yake ndani ya barua. Kiasi alikikosa kwa sababu nilikuwa nimeeleza kodi ya zuio kwa undani, na namba ya mwisho kusomwa ndiyo iliyobaki kichwani. Hesabu ile ni muhimu, lakini mahali pake ni kwenye ankara yenyewe, chini ya jumla. Kwenye barua nikabakiza kiasi kimoja tu cha deni. Kurasa saba alizishika kwa sababu niliandika "kurasa 7" kwanza, kisha sentensi mbili mbele nikataja Natron kama habari nyingine. Nikaandika 8, halafu nikaeleza ya nane imetoka wapi. "Siku 14" nikaifuta kabisa, maana mwingine anahesabu tangu tarehe ya ankara, mwingine tangu siku aliyoifungua, na mwingine anaruka Jumamosi na Jumapili. Nikaweka jina la siku na tarehe. Kalenda uiangalie kweli, kwa sababu ukiandika Ijumaa na tarehe ikawa ya Alhamisi, mhasibu atachagua inayomfaa.

Hiyo ya kuchelewa ndiyo iliyonila usiku. Wazo langu la kwanza lilikuwa kugeuza asilimia kuwa shilingi: 2% ya 1,200,000 ni 24,000, basi niandike "Sh 24,000 kwa kila siku 30 kamili za kuchelewa". Shemeji akasoma, akasema, "Kwa hiyo nikilipa tarehe 26 Julai sidaiwi kitu." Sawasawa kabisa! Nilikuwa nimewapa mwezi mzima wa bure kwa mkono wangu mwenyewe, na mhasibu mwenye akili angeandika tarehe ya mwisho kuwa Julai. Bahati mkataba ulikuwa bado haujasainiwa wakati najaribu haya; huwa naandaa barua ya ankara siku ileile naandaa mkataba, na hiyo tabia sitaiacha. Tukabadilisha kipengele: nusu asilimia ya kiasi kisicholipwa kwa kila wiki inayoanza, isizidi asilimia 10 ya ankara. Nusu asilimia ya 1,200,000 ni Sh 6,000. Ni kidogo, haimuumizi mtu, lakini inaanza Jumamosi asubuhi badala ya mwezi ujao. Na ukomo wa asilimia 10 ndio uliomfanya meneja asaini bila kuniuliza swali.

Na usijaribu kuleta sharti hilo kwa mara ya kwanza kwenye ankara. Ankara inakumbusha kilichokubaliwa, haina nguvu ya kuongeza jipya. Ndiyo maana nataja namba ya kipengele: mhasibu akitaka anafungua mkataba, anaona saini ya bosi wake, biashara imeisha. Hata sauti ya barua inapoa, kwa sababu siyo mimi ninayetoza, ni karatasi yao wenyewe.

Mahali pa kuiweka sentensi hiyo ya kuchelewa nako nilihangaika. Nikiiweka mwisho, peke yake, inasikika kama teke la kuagia. Nikiiweka juu, inaonekana sina imani nao. Dawa ikawa kuifunga moja kwa moja nyuma ya tarehe ya malipo, kisha mara baada yake kuweka jambo la kuwasaidia wao. Barua iliyokwenda ni hii, na kichwa cha imeili kilikuwa "Ankara Na. 17: kurasa za tovuti, Sh 1,200,000, kulipwa kufikia Ijumaa 27 Juni 2025":

"Ndugu Meneja na Idara ya Uhasibu,

Naambatanisha ankara Na. 17 ya Sh 1,200,000 kwa kurasa 8 za tovuti yenu, nilizokabidhi tarehe 9 Juni na Meneja akaziridhia kwa imeili tarehe 11 Juni. Ukurasa wa nane ni ule wa Ziwa Natron, ulioongezwa kwa makubaliano ya baadaye, na bei yake imo kwenye jumla hiyo.

Naomba malipo yaingie kwenye akaunti iliyo kwenye ankara kufikia Ijumaa, 27 Juni 2025. Baada ya siku hiyo, kila wiki inayoanza inaongeza Sh 6,000 kama ilivyo kwenye kipengele cha 5 cha mkataba. Kama kuna la kurekebisha kwenye ankara, tafadhali nijulisheni kufikia Jumatano, 18 Juni, nilishughulikie mapema ili tarehe ya malipo isisogee.

Kodi ya zuio imeonyeshwa kwenye ankara. Mkishalipa, naomba mnitumie cheti chake.

Asanteni sana."

Hiyo "nilizokabidhi, akaziridhia" usiidharau. Mtu akitaka kuchelewesha malipo, njia rahisi ni kusema kazi bado inakaguliwa. Tarehe ya kuridhia ikiwa imeandikwa mstari wa kwanza, mlango huo umefungwa bila mtu kununa. Na ile ya tarehe 18 nimeiiba kwa fundi mmoja wa Kijenge anayewaambia wateja walete malalamiko ya makochi kabla hajapakia kwenye pikapu. Zamani wahasibu walikuwa wananiambia TIN imekosewa siku ileile ya kulipa, na wiki mbili zinaanza upya.

Shemeji alipata majibu yote manne, akadai soda. Hela iliingia Alhamisi ya tarehe 26, Sh 1,140,000 kamili, na mhasibu nisiyemjua akatuma cheti wiki iliyofuata bila kukumbushwa. Rafiki yangu wa Sakina anasema ni bahati. Baadaye kampuni nyingine ilichelewa siku tisa. Siku ya tisa iko kwenye wiki ya pili, na malipo yalipoingia mhasibu wao alikuwa ameshaongeza nyongeza za wiki mbili mwenyewe, bila mimi kuandika neno.

Kwa wale ambao hatujasaini mkataba, tunaofanya kazi kwa kuaminiana na meseji za WhatsApp, sentensi ya kipengele cha 5 naitoa yote. Barua inabaki na kazi, kiasi na siku, na tarehe ya kulipa naisogeza karibu zaidi, siku saba badala ya kumi na nne. Mmoja wao aliniuliza mbona wenzake wanapewa wiki mbili. Nikamtumia mkataba, akausaini.