Maswali mawili ya asilimia 19

Mwaka ule nilikuwa nikifundisha Hisabati Darasa la Sita, na shule za kata yetu zilikuwa zimefanya mtihani wa ujirani mwema wenye maswali ya kuchagua, kila swali likiwa na majibu manne. Tulipomaliza kusahihisha, mwalimu wa taaluma aliniomba nitafute kiwango cha ugumu wa kila swali: idadi ya waliopata igawanywe kwa idadi ya waliofanya, kisha izidishwe kwa mia, ili asilimia inapokuwa kubwa tujue swali lilikuwa jepesi.

Maswali mawili yalinishtua. Kila moja lilipatwa na wanafunzi 9 kati ya 48, yaani asilimia 19. Darasa zima lingebahatisha tu, tungetarajia wapate kama 12, kwa hiyo asilimia iliyo chini ya 25 ilinionyesha kwamba kuna kitu kilichowavuta kwenye jibu lisilo sahihi. Niliamua kuhesabu upya karatasi, safari hii nikiandika ni wangapi walichagua kila herufi, na nikatenga karatasi za wanafunzi 12 waliofanya vizuri zaidi katika mtihani mzima.

Swali la kwanza liliuliza namba ipi ni kubwa zaidi kati ya 0.7, 0.65, 0.345 na 0.09. Wanafunzi 31 walichagua 0.345. Nilimwita mmoja wao anieleze, naye akajibu bila kusita: "Mwalimu, mia tatu arobaini na tano ni kubwa kuliko saba." Katika wale 12 bora, 7 walikuwa wamepata, kwa hiyo swali lenyewe lilikuwa zima, kilichohitaji kurudiwa ni somo la thamani ya nafasi katika desimali.

Swali la pili lilitaka KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, ya 12 na 18. Hapa wote 12 bora walichagua 36, pamoja na wengine 21, lakini mwongozo wa kusahihishia ulitaja 6, ambayo ni KKS, yaani kigawo kikubwa cha shirika. Nadhani hii ndiyo dalili ambayo mwalimu hapaswi kuipuuza kamwe: wanafunzi bora wanapokubaliana juu ya jibu moja ambalo mwongozo unalikataa, aukague mwongozo kwanza. Tuliporekebisha alama, asilimia ilipanda kutoka 19 hadi 69, na watoto 33 wakapata haki yao.

Desimali niliifundisha upya kwa kuwaandikisha 0.700 chini yake 0.345, tarakimu zikiwa zimepangwa kwa nafasi zake, kisha nikawapa swali la aina ileile lenye namba nyingine. Safari hii walipata 34, yaani asilimia 71. Mwenzangu mmoja alitaka tuliandike katika hazina ya maswali kuwa ni jepesi; nilimwomba aandike pia kwamba asilimia hiyo ilitoka kwa darasa lililokuwa limetoka tu kufundishwa mada hiyo.