Gozi ilivyoning'ang'ania gotini

Shemeji yangu ni mtu mwema, lakini goti langu bado halijamsamehe.

Nilianguka na baiskeli kwenye kokoto. Nilipoinuka nilijikuta na majeraha matatu ya aina tatu. Goti la kushoto lilikuwa limechunwa ngozi eneo la ukubwa wa kiganja, mkono ulikuwa umechubuka kidogo chini ya kiwiko, na kidole cha shahada kilikuwa kimekatwa na breki, juu kabisa ya kifundo. Nikaosha mpaka mchanga wote ukatoka. Hapo sina hadithi. Hadithi inaanza pale shemeji alipotokea na gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda.

"Shem, hospitali wanatumia hii hii," akasema, akakunja gozi kavu mara tatu, akailaza moja kwa moja juu ya nyama mbichi na kuibana kwa tepu pande zote nne. Mkononi hivyo hivyo, kidoleni hivyo hivyo. Nilipojitazama kwenye kioo nilijiona majeruhi wa maana kabisa, na usiku nikalala vizuri.

Asubuhi ndipo nilipojua nimefungwa na nini. Kidonda cha kuchubuka hakitoi damu nyingi. Kinachotoka ni maji, yale ya manjano mepesi yanayonata vidoleni. Gozi nayo ni nyuzi za pamba zilizofumwa kwa nafasi, kama chandarua. Maji yanaingia kwenye yale matundu, yanakaukia humo, na ngozi changa inayoanza kujitandaza inashikwa pamoja nayo. Kitambaa kilikuwa kigumu kama ganda la mti. Nikiinua ukingo, goti lote linainuka nao.

"Vuta mara moja. Maumivu ya sekunde tu."

Nikavuta mara moja. Sitaeleza sauti niliyotoa, watoto wa jirani wanaiiga mpaka leo. Damu ikarudi kana kwamba nimeanguka dakika ile ile, na juu ya nyama nyekundu nikaona kitu ambacho sijakisahau: miraba midogo midogo imejichora safu kwa safu, alama ya ule ufumaji wa gozi. Nyuzi mbili tatu nyeupe zilibaki ndani, nikazitoa kwa kibano. Kazi yote ambayo mwili ulikuwa umeifanya usiku kucha ilikuwa imeganda kwenye kile kitambaa mkononi mwangu. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikakubali kufungwa gozi kavu nyingine.

Siku ya pili nilikataa kuvuta. Hapa nitajisifu kidogo, maana nilifika kwenye ujanja huu peke yangu, kwa woga tu. Nilichemsha nusu lita ya maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, nikayaacha yapoe mpaka vuguvugu. Nikakaa na beseni chini ya goti, nikawa namwagia gozi kidogo kidogo kwa kikombe. Dakika tano, hakuna kitu. Dakika kumi, pembe moja ikalegea. Kosa ambalo nusura nilifanye ni kuivuta ile pembe kwenda juu, kama mtu anayebandua stika. Nikagundua kwamba ukiikunja gozi juu ya mgongo wake wenyewe na kuivuta chini chini, sambamba na ngozi, huku mkono mwingine ukikandamiza ngozi nzima ya pembeni, inaachia bila kuinua nyama. Ikigoma mahali, unaacha, unamwagia tena, unaanzia upande mwingine. Ilinichukua karibu nusu saa. Shemeji alikuja kuchungulia mara mbili akaondoka akicheka. Lakini gozi ilitoka nzima, na damu ilikuwa tone moja tu.

Kisha nikaharibu. Nilijiambia: kama gozi inaganda, basi tutumie plasta, ile pedi yake ya katikati haigandi sana. Nikapanga plasta nne sambamba juu ya goti kama vigae. Tatizo la plasta ni kwamba pedi yake ni ndogo na gundi yake ni nyingi. Kwa kuwa kidonda kilikuwa kipana kuliko pedi, gundi ya plasta ya pili ilitua juu ya nyama ambayo pedi ya kwanza haikuifikia, na ya tatu vivyo hivyo. Sehemu ambazo gundi ilikuwa juu ya ngozi nzima, maji ya kidonda yaliipenyeza ikaachia. Kwa hiyo plasta zilinata pale nilipotaka ziachie, zikaachia pale nilipotaka zinate. Kuzitoa kulinirudisha kwenye beseni.

Ila kidoleni, plasta ilikuwa ndiyo yenyewe. Mkato mwembamba, midomo yake imekutana, damu imeshakauka, ngozi ya pembeni ni nzima na kavu: hapo pedi ndogo inatosha kufunika yote na gundi inapata pa kushika. Shida ya kifundo ni kwamba ukikunja kidole plasta inavutika na kung'oka. Chukua mkasi, pasua kila mkono wa plasta katikati kwa urefu, ukiishia karibu na pedi, upate mikia minne. Pedi ikae juu ya mkato, mikia ya juu ipite juu ya kifundo na ya chini ipite chini yake, ikipishana. Kidole kinakunjika na plasta inabaki. Usiizungushe ikabana, ncha ya kidole ikipauka au kufa ganzi umeshakosea. Na ikilowa, ibadilishe. Mimi niliacha yangu ikiwa na maji ya kuoshea vyombo siku nzima, nikakuta ngozi chini yake imekuwa nyeupe na kukunjamana.

Goti lilipata mwenyewe siku ya nne, nilipopita kwa jirani yetu ambaye ni nesi. Alitazama, akauliza kwanza mara ya mwisho nilichanjwa pepopunda lini, kwa sababu jeraha lilikuwa limeingia uchafu na akitaka kujua kama imepita miaka 5. Ilikuwa imepita, nikaenda kuchanjwa. Halafu akatoa pakiti yenye pedi nyeupe bapa, upande mmoja unang'aa kama umepakwa plastiki nyembamba yenye vitundu vidogo.

"Hii haigandi," akasema. "Maji yanapita kwenye vitundu yananyonywa na pamba ya nyuma, lakini kidonda kinagusa ile plastiki tu. Gozi yako utaiweka juu, siyo chini."

Nikanunua za kwangu. Ni ghali kuliko gozi, lakini hesabu gozi nilizozilowanisha kwa machozi. Na ya kwanza niliiweka kichwa chini! Nilidhani upande laini wa pamba ndio wa kuutazamisha kidonda, maana unaonekana mpole. Ikaganda kama gozi. Nesi alipoiona hakunicheka, alisema tu, "Kaka, unaong'aa ndio unaoangalia kidonda," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuisema mara nyingi. Zipo zinazong'aa pande zote mbili, hizo hata mimi nisingezikosea.

Pedi hii haina gundi, kwa hiyo gotini inateleza. Mara mbili niliikuta kwenye ugoko. Dawa yake ilikuwa kufunga goti likiwa limekunjwa kidogo: pedi, juu yake gozi iliyokunjwa mara mbili ya kunyonya maji yanayozidi, kisha bandeji nyembamba inayopita juu ya goti, inavuka nyuma, inarudi chini ya goti, kama namba 8. Ukifunga mguu ukiwa umenyooka, ukikaa tu bandeji inakaba au inashuka. Siku za mwanzo nilibadilisha kila siku, kwa sababu maji yakiwa mengi hata pedi hizi huziba vitundu na kuanza kushika pembeni. Maji yalipopungua nikawa nabadilisha kila baada ya siku mbili. Usiposikia maumivu wakati wa kutoa, uko sawa.

Shemeji alisema kidonda kinataka hewa. Huo ni ushauri niliousikia tangu utotoni, na nilimpa jibu nililokuwa nimelisoma: mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba vidonda vya juu juu vilivyofunikwa vikabaki na unyevu vilitandaza ngozi mpya kwa kasi karibu maradufu ya vile vilivyoachwa vikauke na kufanya gamba. Shemeji akasema yeye si nguruwe. Sikuwa na jibu la hilo. Goti langu lilifunga ndani ya wiki mbili. Lingegeuka jekundu linalozidi kutanuka, la moto, au kutoa usaha, ningeacha pedi zote nikaenda hospitali.

Basi nikalewa pedi. Nikawa naiona ndiyo jibu la kila kitu, mpaka mke wangu alipojikata kiganja kwa kisu. Nikakimbilia pakiti yangu kwa fahari, nikakandamiza pedi. Ile plastiki inazuia damu kuingia haraka kwenye pamba, kwa hiyo damu ilichuruzika pembeni ikateremka hadi kwenye kiwiko, na pedi ikawa inateleza juu ya kiganja kama sabuni. Aliyenisukuma kando ni shemeji, na gozi yake. Akarundika vipande vitano, akabonyeza kwa kiganja kizima, akainua mkono wa dada yake juu, akaangalia saa. Kila nilipotaka kuchungulia alinipiga kofi la vidole. Damu ilipopenya aliongeza gozi juu bila kuondoa za chini. Dakika kumi kamili, kisha ikasimama. Mkato ulikuwa umeachama, ukafungwa hivyo hivyo na kwenda kushonwa. Njia nzima hakusema neno, ila alikuwa anatabasamu.

Furaha yake haikudumu. Wiki iliyofuata aliteleza ngazini akachubuka kiwiko, akatangaza kwamba atakiachia hewa. Alilala hivyo, amevaa shati la mikono mirefu. Asubuhi alikuja mlangoni amekunja mkono, kitambaa cha shati kimeganda kiwikoni, hakivutiki juu wala chini. Sikusema kitu. Nikaweka maji jikoni, nusu lita, nikatafuta chumvi.