Barua niliyomwandikia mwombaji aliyebaki wa pili

Tulikuwa tunatafuta mhasibu mwandamizi, na wawili waliofika mwisho wote waliiweza kazi. Nafasi ilikuwa moja. Barua ya yule mwingine niliamua kuiandika mwenyewe, kwa sababu mtu aliyetufanyia hadi zoezi la vitendo hastahili mistari miwili ileile wanayotumiwa walioishia kwenye mchujo wa kwanza.

Nilisubiri mwenzake asaini mkataba, maana angeweza kughairi, na huyu ndiye tungemwita. Ila sikumwacha gizani: nilimwarifu mapema siku ambayo angepata jibu.

Jibu lenyewe nililiweka juu kabisa: "Asante kwa muda na kazi uliyotufanyia. Nasikitika kukujulisha kwamba nafasi hii amepewa mwombaji mwingine." Sifa zikitangulia, msomaji huanza kudhani amepata, kisha "lakini" inamwangusha.

Baada ya hapo nilifungua karatasi za alama za jopo, nikachukua jambo moja alilolifanya vizuri na moja lililomgharimu. "Ulipolinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, uligundua ankara iliyolipwa mara mbili, ukaeleza jinsi ya kudai fedha zirudi. Kwenye makadirio ya fedha za miezi mitatu ijayo, ulichukulia kwamba wateja wote watalipa ndani ya siku 30, ilhali orodha ya wadaiwa tuliyokupa ilionyesha wengi hulipa baada ya siku 60. Makadirio yakaonyesha fedha ambazo zisingekuwa zimeingia. Kazi hii inategemea sana makadirio hayo, na hapo ndipo alama zilipopishana."

Mwenzangu mmoja kwenye jopo alitaka niongeze kwamba alionekana mpole mno. Nilikataa. Upole haukuwemo kwenye vigezo tulivyotangaza, na hakuna ambacho mtu angefanya na maoni hayo zaidi ya kuumia. Wala sikumlinganisha na aliyechaguliwa. Habari za yule si zangu kuzigawa, na ukiandika "mwenye uzoefu zaidi" unafungua ubishi wa nani ana miaka mingapi.

Nilitamani pia kumwahidi kwamba safari ijayo ataruka mchujo. Afisa rasilimali watu, niliyempa barua aipitie kwanza, alisema utaratibu hauruhusu, kila mwombaji huanzia mwanzo. Basi niliandika tu kwamba nafasi nyingine ya uhasibu ikitangazwa, ningefurahi kuona jina lake, na kwamba akiwa na swali kuhusu zoezi aniandikie.

Aliniandikia. Hakubishana na uamuzi. Aliuliza angepangaje wadaiwa wasio na mwenendo mmoja wa kulipa. Nilimweleza kwamba sisi huwagawa kwa historia ya malipo yao, na yule asiyetabirika tunamweka mwezi wa mwisho kabisa, au tunamwacha nje ya hesabu mpaka alipe.