Jinsi Ninavyoisoma Leseni ya Mgeni Kabla ya Kumkabidhi Vespa

Nafanya kazi ya kukodisha vespa na magari madogo Paje, Unguja, na wageni wengi wanaofika kwetu wana leseni za kadi za Umoja wa Ulaya. Lugha za kadi hizo sizijui, lakini nimezoea kuzisoma kwa sababu mpangilio wake ni mmoja na kila kipengele kina namba yake.

Kwanza natazama pembe ya juu kushoto, penye mstatili wa buluu wenye nyota 12, ambamo ndani yake huandikwa alama ya nchi iliyotoa leseni. Alama hiyo ni ile ile ya magari ya nchi husika, kwa hiyo D ni Ujerumani, E ni Uhispania na A ni Austria, na hiyo A isichanganywe na daraja A la pikipiki. Upande wa mbele, 4a ni tarehe ya kutolewa, 4b ni ya mwisho wa matumizi, na 5 ni namba ya leseni. Namba ya 9 hutaja madaraja, lakini mimi siishii hapo, kwani habari yenyewe iko nyuma.

Nyuma kuna jedwali. Kila daraja lina mstari wake, safu ya 10 huonyesha tarehe lilipopatikana, ya 11 tarehe linapokoma, na ya 12 misimbo ya masharti. Daraja lisilo na tarehe katika safu ya 10 mwenye kadi hana, hata kama picha ya pikipiki imechorwa pale kwa wote.

Mgeni mmoja mwenye alama ya D alitaka vespa ya sisi 125. Mstari wa A1, ambao ndio wa pikipiki za ukubwa huo, haukuwa na tarehe; AM, ambalo kwa pikipiki huishia sisi 50 na mwendo wa kilomita 45 kwa saa, lilikuwa nayo, na B, ambalo ni la magari madogo, pia. Akanionyesha 196 katika safu ya 12 ya mstari wa B, akieleza kwamba kwao anaendesha sisi 125 kila siku. Alisema kweli, ila misimbo ya Umoja huishia 99, na kuanzia 100 kwenda juu ni ya nchi iliyoitoa peke yake. Ruhusa ya 196 haivuki mpaka wa Ujerumani, na hata akienda nayo Austria haimfai.

Nilimweleza hivyo huku kidole kikiwa juu ya mstari wenyewe, naye akachagua gari. Nikarudi safu ile ile kutafuta 78, ambayo humfunga dereva kwenye gari la otomatiki. Haikuwepo, kwa hiyo nikampa la gia za mkono.